Namba yako kwenye orodha ya mtangazaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yanahusu zaidi Facebook, Instagram na Google, kwa sababu huko ndiko wafanyabiashara hupakia kwa wingi orodha za wateja, yaani faili za namba za simu na barua pepe walizoachiwa na wateja wao. Majina ya menyu tumeyaandika kama yanavyosomeka kwenye simu iliyowekwa Kiingereza. Kampuni hizi huhamisha menyu zao mara kwa mara, kwa hiyo usipoliona jina pale tulipolitaja, liandike kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya mipangilio.

Je, mtangazaji anajua mimi ni nani?

Kwa kawaida hapana, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtangazaji hapewi majina ya watu wanaopenda baiskeli. Anauambia mtandao wa kijamii, "nionyeshee tangazo hili kwa wanaopenda baiskeli, wenye umri wa miaka 25 hadi 40," kisha mtandao wenyewe unachagua watu. Anachorudishiwa ni hesabu: tangazo limeonyeshwa mara ngapi, wangapi wamebofya, wangapi wamenunua.

Orodha ya wateja ni jambo jingine. Hapo mtangazaji anakujua tayari, kwa kuwa namba yako au barua pepe yako anayo. Anachoomba ni mtandao umsaidie kukufikia ukiwa unaperuzi. Njia hizi mbili zinazimwa sehemu tofauti, na kuzima moja hakuigusi nyingine. Malalamiko mengi ya "nimezima lakini bado" yanaanzia hapo.

Mambo "ninayopenda" wameyatoa wapi, wakati sijawahi kuyajaza popote?

Umeyajaza kwa vidole. Kurasa ulizozifuata, video uliyoitazama mpaka mwisho, tangazo ulilolibofya, chapisho ulilolifungulia maoni: kila kimoja kinahesabiwa. Nje ya mtandao wenyewe kuna vipande vya msimbo ambavyo wenye tovuti na programu huviweka kurasani mwao, navyo hupeleka taarifa kwamba umetazama viatu fulani au umeacha kikapu bila kulipa.

Ubashiri huu hukosea sana. Ukimtafutia jirani dawa ya mbwa mara moja, unaweza kuhesabiwa mfugaji kwa miezi. Tangu Januari 19, 2022, Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, iliwaondolea watangazaji maelfu ya machaguo yaliyogusa afya, rangi, siasa, dini na mwelekeo wa kijinsia. Hilo lilisaidia, lakini halikuzuia mtangazaji mwenye orodha yake mwenyewe kuipakia.

Orodha ya mawasiliano inatumikaje? Nionyesheni hatua kwa hatua.

Chukua mfano wa duka la vifaa vya mazoezi lenye wateja 4,000. Kila mmoja aliacha barua pepe au namba ya simu alipokuwa akilipa, ili atumiwe risiti. Huu ni mfano wa kubuni, lakini hatua zenyewe ndizo zinazofuatwa.

Mhusika wa masoko anatoa faili kwenye mfumo wa mauzo. Ni jedwali la kawaida la CSV lenye safu za barua pepe, simu, jina, mji na nchi. Analisafisha kwanza: herufi kubwa zinakuwa ndogo, nafasi zinaondolewa, na namba ya simu inaandikwa pamoja na msimbo wa nchi. Usafi huu una maana kubwa, kwa sababu namba iliyoanza na sifuri bila msimbo wa nchi inaweza isilingane na yoyote, na mteja huyo akapotea kwenye orodha.

Kisha anaipakia. Kabla ya kuondoka kwenye kompyuta yake, kila barua pepe na kila namba inageuzwa kuwa hashi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaotoka kwenye hesabu maalumu. Mtandao nao una hashi za barua pepe na namba za watumiaji wake. Zinawekwa sambamba, na zinapofanana mtu huyo anaingizwa kwenye hadhira. Tuseme kati ya wale 4,000 wamepatikana 2,300. Duka haliambiwi ni akina nani. Linaona ukubwa wa kundi kwa makadirio tu.

Sasa duka lina machaguo matatu. Linaweza kuwaonyesha hao 2,300 tangazo la mikanda mipya. Linaweza kuwaondoa, ili tangazo la "karibu mteja mpya" lisipotee kwa watu walionunua tayari. Au linaweza kuuambia mtandao, "nitafutie watu wanaofanana na hawa." Chaguo hili la tatu ndilo linalowashangaza watu, na tunalirudia hapo chini.

Facebook ilianza kupokea orodha za namna hii mwaka 2012, na Google mwaka 2015. Siku hizi karibu kila jukwaa kubwa la matangazo lina kitu kama hicho.

Wanasema namba yangu "imefichwa" kwa hashi. Imefichwa kweli?

Imebadilishwa sura tu. Wenye kompyuta ya Linux wanaweza kujaribu wenyewe:

```
printf 'test@example.com' | sha256sum
```

Jibu litakuwa hili, likifuatwa na kistari:

```
973dfe463ec85785f5f95af5ba3906eedb2d931c24e69824a89ea65dba4e813b
```

Ni alama 64, na huwezi kuisoma barua pepe ndani yake. Lakini rudia amri hiyo kesho, au kwenye kompyuta nyingine upande wa pili wa dunia, utapata alama zilezile. Hiyo ndiyo kazi yake: bila kutoa jibu lilelile kila mara, orodha mbili zisingeweza kulinganishwa. Kwa hiyo hashi ya barua pepe yako inakutambulisha sawasawa na barua pepe yenyewe kwa yeyote ambaye tayari anayo. (Ukitumia `echo` ya kawaida badala ya `printf` utapata jibu tofauti kabisa, kwa sababu `echo` huongeza alama ya mstari mpya mwishoni. Kosa hilo dogo linatosha kuifanya orodha nzima isilingane na mtu hata mmoja.)

Namba ya simu ni dhaifu zaidi. Ukijua msimbo wa nchi na zimebaki tarakimu tisa, namba zote zinazowezekana hazizidi bilioni moja. Kadi ya michoro ya kisasa hupiga hashi za aina hii mabilioni kwa sekunde, hivyo kuzijaribu zote na kupata namba halisi si kazi ya kutoa jasho. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, imeandika zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 2024, kwamba hashi haiifanyi data kuwa ya mtu asiyejulikana.

Hashi inasaidia jambo moja la kweli: namba ya mteja ambaye hana akaunti kwenye mtandao ule haipelekwi ikiwa wazi.

Sijawahi kuwapa namba yangu. Mbona tangazo lao linanifuata?

Sababu inayokutwa mara nyingi ni ule mfanano. Rudi kwenye duka letu. Likishapata watu wake 2,300, linaomba hadhira inayofanana nao. Kwa Meta inatosha kuwa na watu 100 wa nchi moja kwenye kundi la mwanzo, halafu duka linachagua kiwango kuanzia asilimia 1 hadi 10 ya watumiaji wa nchi inayolengwa. Nchi ikiwa na watumiaji milioni 10, asilimia 1 ni watu 100,000. Wengi wao hawajawahi hata kuliona duka, na namba zao hazimo kwenye faili. Wamechaguliwa kwa sababu mienendo yao mtandaoni inafanana na ya wateja waliomo.

Sababu ya pili ni fomu. Kile kipande cha msimbo kilichoko kwenye tovuti kinaweza kuwekwa kisome barua pepe unayoiandika wakati wa kujisajili au kulipa, kiigeuze kuwa hashi, kisha kiitume. Kwa hiyo ulimpa duka barua pepe, na mtandao ukapata hashi yake papo hapo bila mtu kupakia faili lolote.

Sababu ya tatu ni marafiki zako. Mtu akiiruhusu programu kusoma kitabu chake cha simu, namba yako inapanda pamoja na za wengine. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern walionyesha kwamba namba iliyofika Facebook kwa njia hiyo iliweza kutumika kumlenga mwenye namba, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuitoa. Meta ina ukurasa wa kuangalia kama namba au barua pepe yako imo kwenye vitabu vya simu vilivyopakiwa na wengine, na kuomba ifutwe: `facebook.com/contacts/removal`. Unafanya kazi hata kwa asiye na akaunti. Ni ukurasa ambao haumo kwenye menyu za kawaida, kwa hiyo andika anwani mwenyewe.

Na ile namba niliyoiweka kwa ajili ya usalama wa akaunti?

Utafiti huohuo wa 2018 ulikuta kwamba namba zilizotolewa kwa uthibitisho wa hatua mbili zilikuwa zikitumika kwenye matangazo. Makubaliano ya FTC na Facebook ya mwaka 2019, yaliyokuja na faini ya dola bilioni 5, yaliikataza kampuni hiyo kutumia kwa matangazo namba zilizochukuliwa kwa usalama. Twitter ilikutwa na jambo lilelile, ikalipa dola milioni 150 mwaka 2022.

Usiondoe uthibitisho wa hatua mbili kwa sababu ya hadithi hii. Badala ya ujumbe wa simu, tumia programu ya kutoa misimbo kwenye kifaa chako. Haihitaji namba yoyote, na ni salama zaidi dhidi ya wanaoiba laini.

Je, simu inanisikiliza?

Watafiti wa Chuo Kikuu hichohicho cha Northeastern walipima programu zaidi ya 17,000 za Android, wasikute hata moja inayowasha maikrofoni kimyakimya na kutuma mazungumzo. Walichokikuta ni programu chache zilizokuwa zikirekodi skrini. Mkizungumzia magodoro na rafiki yako, kisha tangazo la magodoro likaja, jiulize kwanza kama yeye aliyatafuta, na kama mko mji mmoja, umri mmoja, na pengine mnatumia intaneti ileile.

Nitajuaje ni nani wameniweka kwenye orodha zao?

Kwenye Facebook au Instagram, fungua `Settings`, ingia `Accounts Center`, kisha `Ad preferences`. Huko ndani tafuta `Audience-based advertising`. Utaona majina ya watangazaji waliopakia au waliotumia orodha yenye taarifa zako. Kaa chini kabla hujaifungua. Si ajabu kukuta mamia, na mengi hutayatambua, kwa sababu baadhi ya kampuni huajiri wakala anayepakia orodha kwa niaba yao, na jina linaloonekana linaweza kuwa la wakala.

Ukibofya jina, unapata kuona sababu ya kuwekwa kwako na machaguo ya kuzuia. Yanagusa mambo mawili: mtangazaji kukuonyesha tangazo kwa kutumia orodha, na mtangazaji kukuondoa kwenye tangazo kwa kutumia orodha. Wengi wanazuia la kwanza na kuliacha la pili bila kulielewa. Ukilizuia la pili, duka ulilonunua jana linaweza kuanza kukuonyesha tena bidhaa ileile, maana haliwezi tena kukutoa kwenye kundi la wasionunua. Sisi tungezuia la kwanza tu.

Kazi inakwenda jina kwa jina. Hakuna kitufe kimoja cha kuzuia orodha zote, nasi hatuwezi kukuambia vinginevyo. Anza na majina unayoona matangazo yao kila siku.

Njia ya haraka zaidi ni kuanzia kwenye tangazo lenyewe. Bofya vidoti vitatu pembeni yake, chagua `Why am I seeing this ad?` na usome kwa makini. Wakitaja orodha, tatizo ni namba au barua pepe yako. Wakitaja mambo unayopenda, nenda kwenye mada za matangazo ndani ya `Ad preferences`. Wakisema unafanana na wateja wao, hakuna orodha ya kujiondoa. Hapo unaweza tu kumficha mtangazaji huyo.

Kwenye Facebook, ni kipi kingine kinachofaa kuzimwa?

Vitu viwili. Cha kwanza, ndani ya `Ad preferences`, ni `Activity information from ad partners`. Chagua kwamba hutaki matangazo yanayotumia taarifa kutoka tovuti na programu nyingine.

Cha pili kiko nje ya sehemu ya matangazo. Rudi `Accounts Center`, ingia `Your information and permissions`, kisha `Your activity off Meta technologies`. Huko kuna orodha ya tovuti na programu zilizotuma taarifa zako. Futa za nyuma kwa `Clear previous activity`, halafu tafuta chaguo la kukata za mbele. Watu hufuta na kuondoka, na baada ya wiki orodha imejaa upya. Kukata za mbele kuna athari moja ya kujua mapema: huenda ukashindwa kuingia kwenye programu unazofungua kwa akaunti ya Facebook. Ziandike kwanza, uziwekee nywila zake.

Mada za matangazo nazo zipo, na ukizipunguza utaona nafuu. Ni kupunguza tu, lakini.

Kwa Google?

Huko ni rahisi zaidi. Fungua `myadcenter.google.com` ukiwa umeingia kwenye akaunti, na juu ya ukurasa utaona `Personalized ads`. Kizime, na ulengaji wa matangazo kwa akaunti hiyo unasimama. Ukipenda kukiacha, unaweza kupunguza makundi yanayokera au kuumiza: pombe, kamari, kupunguza uzito, uchumba, ujauzito na malezi. Kwa mtu aliyepoteza mimba au anayejinasua na kamari, swichi hizi zina thamani kuliko ukurasa mzima wa maelezo yetu.

Mtego wake ni kwamba mpangilio unafuata akaunti. Ukiwa na akaunti tatu, fanya mara tatu. Ukitumia kivinjari bila kuingia kwenye akaunti, kivinjari hicho kina mpangilio wake, nao unapotea ukifuta vidakuzi, yaani faili ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kivinjari.

Kitambulisho cha matangazo cha simu ni nini?

Ni namba ambayo mfumo wa simu huzipa programu zote ili ziweze kukubaliana kwamba mtumiaji ni yuleyule. Kwenye Android ingia `Settings`, `Google`, `Ads`, kisha `Delete advertising ID`. Kwenye simu nyingine za Android iko chini ya `Privacy`. Baada ya hapo programu ikiuliza hupewa sifuri tupu:

```
00000000-0000-0000-0000-000000000000
```

Usichanganye na kukiweka upya. Kuweka upya kunakupa namba mpya, na mchezo unaanza tena. Kwenye iPhone ingia `Settings`, `Privacy & Security`, `Tracking`, uzime `Allow Apps to Request to Track`. Matangazo ya Apple yenyewe yanazimwa kwingine, kwenye `Apple Advertising` chini ya ukurasa uleule wa faragha.

Nikifuta vidakuzi na kutumia dirisha la siri, si inatosha?

Kwa orodha haitoshi hata kidogo. Vidakuzi vinakaa kwenye kivinjari, lakini namba yako inakaa kwenye faili la mtu mwingine. Unaweza kununua simu mpya kesho, na mara tu utakapoingia kwenye akaunti yenye namba ileile, hashi italingana kama zamani.

Basi nitumie barua pepe tofauti kwa kila duka?

Hiyo ndiyo dawa inayofika kwenye mzizi. Barua pepe ambayo haimo kwenye akaunti yako ya mtandao wa kijamii haina cha kulingana nacho. Lakini hila ya kuongeza alama ya kujumlisha, kama `jina+duka@gmail.com`, usiitegemee. Anayesafisha orodha anaweza kukata kila kilicho baada ya alama hiyo kabla ya kupiga hashi, na barua pepe yako halisi ikabaki. Vitone ndani ya anwani za Gmail navyo huondolewa vivyo hivyo.

Tumia anwani ya kupitishia barua, ambayo ni tofauti kabisa na yako na inakuletea ujumbe kwenye kikasha chako. Apple ina `Hide My Email`, Mozilla ina `Firefox Relay`, na DuckDuckGo ina huduma yake. Faida ya ziada ni kwamba orodha ikiuzwa au ikivuja, anwani yenyewe itakutajia mlango ilikotokea.

Kwa namba ya simu hakuna njia rahisi kama hiyo. Kinachobaki ni kutoitoa pale isipohitajika. Risiti haihitaji namba.

Nimezima vyote, na tangazo lilelile bado linakuja. Nini kimekosekana?

Kwanza hesabu siku. Hadhira zilizokwisha kutengenezwa hazibadiliki saa ileile. Ikipita wiki mbili, fungua `Why am I seeing this ad?` tena uone sababu mpya. Mara nyingi utakuta umri, lugha na mji tu. Tangazo la namna hiyo halijakulenga wewe, linawalenga wakazi wote, na hakuna mpangilio unaoliondoa. Idadi ya matangazo pia haipungui ukizima ulengaji. Yanakuwa ya ovyo zaidi tu.

Sababu nyingine ni kwamba ulizuia jina moja, wakati mtangazaji ana kurasa mbili au tatu, kila moja na orodha yake.

Naweza kumwambia mwenye orodha aniondoe?

Unaweza, na ukimwandikia omba mambo matatu kwa majina yake, kwa sababu "niondoeni kwenye matangazo" huishia kukuondoa kwenye barua za matangazo peke yake. Ujumbe kama huu unatosha:

"Naomba msitumie barua pepe na namba yangu ya simu kwa masoko ya aina yoyote. Naomba mziondoe kwenye orodha zote za wateja mlizopakia kwenye majukwaa ya matangazo, pamoja na zilizopakiwa na mawakala wenu. Naomba pia mniambie mlizipakia kwenye majukwaa yapi."

Utume kutoka kwenye barua pepe ileile waliyo nayo, la sivyo watakuuliza wewe ni nani. Wakikuondoa, orodha mpya watakayopakia haitakuwa nawe, lakini hadhira ya mfanano waliyoitengeneza ulipokuwamo inaweza kuendelea kutumika mpaka waitengeneze upya.